Nyuma ya Mnazi Kuna Bahari

Kuna watu wenye bahati wanaolipwa kwa kinachoonekana: seremala, kinyozi, mpishi wa pilau ya harusi. Mimi nachora mandhari za filamu za katuni, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuchora vitu ambavyo nikivichora vizuri hakuna atakayejua kwamba vilichorwa. Jaribu kuliandika hilo kwenye ankara uone mhasibu atakavyokutazama.

"Fundi rangi," aliniambia mhasibu wa prodyuza ninayefanya naye kazi, maana hilo ndilo jina alilonipa na nimeshachoka kulikataa, "hapa umeandika 'bahari iliyo nyuma ya banda la samaki'. Nimeiangalia picha. Nyuma ya banda hakuna bahari. Kuna banda."

Nikamwambia kamera inatembea. Akaniuliza inatembea kwenda wapi.

Tuanzie hapo basi, kwa faida yake na ya wengine wote waliozaliwa na vikokotoo mkononi. Ukipanda basi kutoka Dar kwenda Morogoro ukakaa dirishani, wauza machungwa wa kando ya barabara wanapita kabla hujauliza bei, miembe ya shambani inapita kwa staha, na Milima ya Uluguru ikishatokea inakusindikiza tu kama haina pa kwenda. Kilicho karibu hukimbia na cha mbali hutambaa. Wenye elimu ya nyota na kamera wanaita hiyo paralaksi. Jicho linaijua tangu utotoni bila kufundishwa, ndiyo maana huwezi kulidanganya: picha moja bapa ukiiburuta mbele ya kamera, mtazamaji anaona picha inayoburutwa. Hawezi kueleza kasoro iko wapi, ila anaanza kutafuta rimoti.

Dawa ni kuichora picha vipande vipande, kila kipande kwenye tabaka lake, kisha kila tabaka liendeshwe kwa mwendo wake. Kazi yenyewe ilikuwa hii: filamu ya watoto, msichana anatoka soko la samaki Bagamoyo na beseni kichwani, anapita ufukweni kurudi nyumbani, na kamera inasogea sambamba naye kwa sekunde 8. Prodyuza akanipigia.

"Kaka, ni picha moja tu. Minazi mbele, banda katikati, majahazi kule nyuma. Na jua linazama baharini."

"Bagamoyo jua haliwezi kuzama baharini. Bahari iko mashariki."

"Watoto watajuaje?"

"Watoto wa Bagamoyo watajua."

Akanyamaza kidogo, akakubali mwezi mpevu, ambao kweli huchomoza upande wa bahari jioni ile ile jua linapozamia bara. Sikumwambia kwamba mwezi ungeniokoa na balaa kubwa. Nitalieleza baadaye. Kwanza tulipigie hesabu hilo neno lake "moja tu".

Kabla sijagusa rangi huwa nauliza kila kitu kiko umbali gani kutoka kwenye kamera, kwa mita, kana kwamba ni ufukwe wa kweli. Tulikubaliana hivi: minazi iko mita 5, banda na njia ya msichana mita 20, majahazi mita 200, na mwezi uko huko ulikowekwa na Mungu. Lenzi tuliyochagua ni ya namna ambayo upana unaoonekana unalingana na umbali: kilicho mita 20, skrini inaonyesha upana wa mita 20, kilicho mita 5, inaonyesha mita 5. Kamera inasogea mita 10 kwa sekunde zile 8, mwendo wa mtoto mwenye beseni.

Sasa angalia. Kwenye tabaka la banda, mita 10 ni nusu ya upana wa skrini, kwa hiyo tabaka hilo litateleza nusu skrini. Kwenye minazi, mita 10 ni skrini mbili nzima. Kwenye majahazi, mita 10 kati ya 200 ni sehemu moja tu ya ishirini ya skrini. Mwezi hauendi popote. Skrini yetu ina pikseli 1920 kwa upana, na kila tabaka lazima liwe na upana wa skrini pamoja na upana wa safari yake, la sivyo litaisha kabla ya kamera kufika. Tabaka la minazi ni pikseli 5760, la banda 2880, la majahazi 2016, la mbingu 1920. Ukizipanga zote ubavu kwa ubavu unapata skrini sita na nusu, na hapo sijaongeza ukingo wa akiba kila upande kwa ajili ya mwongozaji atakayesema "isogee kidogo tena".

Ni kweli kwamba tabaka la minazi limejaa nafasi tupu. Shina hapa, shina pale, kuti linaning'inia. Mhasibu aliling'amua hilo upesi na kutaka nafasi tupu ikatwe kwenye malipo. Asichotaka kusikia ni kwamba nafasi tupu ndiyo inayoleta gharama kwa jirani. Palipo wazi mbele, tabaka la kati linaonekana. Na kwa kuwa uwazi huo unatembea, hakuna sehemu ya tabaka la kati itakayobaki imejificha mpaka mwisho.

Chukua shina moja la mnazi, unene wa sentimita 30. Kwa umbali wa mita 5 linachukua pikseli 115 hivi. Filamu yetu inakwenda fremu 24 kwa sekunde, yaani fremu 192 kwa sekunde 8. Minazi inasogea pikseli 20 kwa kila fremu, banda linasogea 5, tofauti ni 15. Kwa hiyo chochote kilichofichwa na shina kinafichuka chote baada ya fremu 8, theluthi moja ya sekunde. Nikiacha tundu nyuma ya mnazi kwa imani kwamba mnazi utalifunika, nitakuwa nimelifunika kwa muda wa kupepesa jicho.

Banda nalo ni hivyo hivyo. Lina upana wa mita 4, sawa na pikseli 384. Linateleza mbele ya bahari kwa tofauti ya pikseli nne na nusu kila fremu, na kufikia mwisho litakuwa limeachana na sehemu ya bahari iliyokuwa nyuma yake kwa pikseli 864, zaidi ya mara mbili ya upana wake. Ndiyo hiyo bahari iliyo kwenye ankara. Ndugu mhasibu, nyuma ya banda kuna bahari, nimeichora mimi, na wewe umeiona bila kujua.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kazi hii ni kuanza nyuma kuja mbele. Mbingu inachorwa kana kwamba bahari haipo. Bahari na majahazi vinachorwa kana kwamba hakuna banda. Banda na mchanga vinachorwa kana kwamba minazi haijaota. Mwisho kabisa inakuja minazi, na ikishakuja, kazi yako yote inafunikwa na mteja anasema picha ni nzuri ila imejaa sana mbele.

Prodyuza yeye ana njia yake ya mkato. Anapata picha iliyokwisha kuchorwa bapa, anampa kijana wa kompyuta, anamwambia: "Dogo, itenganishe." Dogo ni mtiifu. Anakata mnazi kwa kufuata ukingo wake, anauweka kwenye tabaka lake, halafu anajikuta na tundu lenye umbo la mnazi katikati ya banda. Analiziba kwa kunakili makuti ya jirani, kwa hiyo banda linapata kiraka chenye umbo la mnazi. Isitoshe, ukingo wa mnazi aliokata umebeba rangi ya mbingu iliyokuwa nyuma yake. Mbingu ikiwa nyuma hutaiona. Mnazi ukipita mbele ya banda jeusi, unang'aa pembeni kwa utepe mwembamba kama mtakatifu kanisani. Ukiona utepe huo kwenye katuni yoyote, ujue kuna Dogo mahali alikabidhiwa picha bapa. Ukiuchora mnazi peke yake, rangi yake yenyewe ikifika mpaka ukingoni, utepe haupati pa kutokea.

Kinachonikera kuliko vyote, hata hivyo, ni ardhi. Mnazi una umbali mmoja, banda lina umbali mmoja. Mchanga je? Mchanga unaanzia miguuni pa kamera mpaka kwenye maji. Una umbali wote kwa pamoja. Nikiuweka wote kwenye tabaka la banda, mchanga uliopo chini ya mnazi utakwenda pikseli 5 huku mnazi ukienda 20, na mnazi utaonekana umevaa viatu vya magurudumu. Nikiuweka mchanga kwenye tabaka la minazi, litateleza banda. Watu wanadhani mandhari huharibiwa na mbingu mbaya. Huharibiwa miguuni.

Kuna njia mbili na zote ni za ujanja. Ya kwanza ni kutoonyesha kabisa mahali ambapo kitu cha mbele kinagusa ardhi. Minazi yangu inaingia kwenye picha ikiwa tayari imesimama. Mizizi yake iko chini ya ukingo wa skrini, na pale ambapo skrini ingeifichua nimepanda majani. Ya pili ni kuugawa mchanga kwa mikanda: mmoja wa mita 10, mmoja wa mita 20, mmoja wa mita 40 karibu na maji, na ile mikanda inakwenda pikseli 10, 5 na mbili na nusu kwa fremu. Mahali mikanda inapokutana panahitaji kitu cha kuficha mshono, kwa hiyo ufukwe wangu una nyavu zilizoanikwa, magogo, kamba za nanga na mwani mwingi kuliko kawaida. Mwongozaji alisifu jinsi nilivyoyajua maisha ya wavuvi. Nilishukuru. Nyavu zile ni plasta.

Sasa lile la mwezi. Kama tungeweka jua la jioni, kwenye ufukwe unaotazama mashariki jua hilo lingekuwa nyuma ya kamera, chini, na kila mnazi ungetupa kivuli kirefu kuelekea baharini, kikipita juu ya mchanga na kupanda ukuta wa banda. Kivuli kimelala kwenye tabaka la banda, mwenye kivuli yuko kwenye tabaka la mbele. Mmoja anakwenda 5, mwingine 20. Baada ya sekunde moja kivuli kimeachwa nyuma na mwenyewe hana habari. Kwa mwezi unaochomoza ng'ambo ya majahazi, vivuli vinakuja upande wetu. Vya minazi vinaangukia nje ya picha, na cha banda nakigawa kwa mikanda ya mchanga. Prodyuza anadhani nilishikilia mwezi kwa sababu ya mahaba.

Ila mwezi nao una mtego. Kwenye maji unaacha njia ya mwanga inayometameta. Mchoraji wa haraka ataichora kwenye tabaka la bahari pamoja na majahazi, na polepole njia hiyo itasogea kando ya mwezi wake mpaka uone mwanga usio na mwezi na mwezi usio na mwanga. Aliyewahi kutembea ufukweni usiku anajua kwamba njia ile hukufuata. Wakati wote iko kati yako na mwezi. Kwa hiyo inachorwa kwenye tabaka lake, haitembei, iko chini ya mwezi kama ilivyokuwa, na mawimbi pamoja na majahazi ndiyo yanayopita juu yake. Tabaka moja zaidi, skrini moja zaidi, na mstari mmoja zaidi wa ankara ambao mhasibu aliupigia alama ya kuuliza.

Baada ya hapo unadhani watu wataniacha nipumzike. Mteja akaja kutazama kwenye kompyuta, akasimamisha filamu kwenye fremu moja, akaweka kidole juu ya mnazi wa mbele.

"Huu mbona umefifia? Weka magome vizuri. Nataka nione kila mstari."

Mzee wangu, mnazi ule unaruka pikseli 20 kila fremu. Ukiuchora kwa mistari mikali na rangi zinazogombana, jicho haliuoni ukipita. Linauona ukirukaruka, upo hapa, upo pale, na macho yanaanza kuuma. Shina lililosimama wima ndilo baya kuliko yote. Kwa hiyo cha mbele kinachorwa cheusi, maelezo machache, na ukingo uliolainishwa kwa kufuata upande wa mwendo. Cha katikati ndicho kinachopewa mwanga na giza vilivyo wazi, kwa sababu pale ndipo alipo msichana na pale ndipo jicho linapokaa. Cha mbali kinapaushwa na kusogezwa kuelekea buluu, kwa kuwa hewa yenyewe hufanya hivyo. Ukisimamisha filamu utaona kazi ya mvivu. Filamu haikutengenezwa isimamishwe! Nilieleza yote hayo kwa heshima. Akaniambia: "Sawa, lakini magome?"

Nyumbani nako sina mtetezi. Shangazi yangu, ambaye jirani yake anauza picha za Tingatinga kwa wageni, huniuliza kila tukionana kwa nini nisichore kama wenzangu. Nami huwa sina jibu, maana marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alikuwa mtu mwenye akili sana. Alimchora mnyama mmoja mkubwa, nyuma yake akapaka rangi moja, basi. Chui hana cha kuficha nyuma yake. Picha inauzwa ilivyo, na mnunuzi akiitazama kutoka pembeni, chui hatoki kwenye nafasi yake. Hakuna mhasibu aliyewahi kuuliza nyuma ya chui kuna nini.

Na wala taabu hii haikuanza na kompyuta. Lotte Reiniger wa Ujerumani, aliyetoa filamu yake ndefu ya vivuli vya karatasi mwaka 1926, alikuwa akipanga vioo juu kwa juu na kamera ikichungulia kutoka juu. Kampuni ya Walt Disney ikajenga mtambo mkubwa wa aina hiyo, ikaujaribu mwaka 1937 kwenye filamu fupi ya kinu cha upepo kilichochakaa. Wachoraji walipaka rangi ya mafuta kwenye vioo, na kila kioo kilisogezwa kwa kipimo chake, fremu baada ya fremu. Sitaki hata kufikiria jinsi walivyojaza ankara.

Wiki iliyopita kazi ikapita. Mwezi umetulia, majahazi yanatambaa, banda linapita na minazi inakimbia. Nilikuwa nimeshaanza kusafisha meza simu ilipolia.

"Kaka, mteja kaipenda mno! Ila anaomba kitu kidogo tu. Badala ya kamera kwenda pembeni, iingie ndani. Zile zile mita 10. Si tabaka tayari unazo?"

Tabaka ninazo, ila ni za safari nyingine. Kamera ikiingia ndani mita 10, banda lililokuwa mita 20 linabaki mita 10, kwa hiyo linakuwa kubwa mara mbili, na nililolichora kwa pikseli 384 litavutwa hadi 768 na kuwa ukungu mtupu. Tabaka lote la kati lazima lichorwe upya kwa ukubwa maradufu, upana na urefu. Minazi iliyo mita 5 haitapita kushoto. Itavimba, itafunguka kama pazia na kutoka pande zote mbili kabla ya nusu ya safari, kwa hiyo lazima ipandwe upya, moja huku na moja huku, kamera ipate mlango. Mikanda ya mchanga ndiyo inaharibika kabisa, kwa sababu sasa mishono inaachana kwenda chini, na nyavu zangu hazifiki huko. Majahazi yataongezeka ukubwa kwa asilimia 5 tu, hayo yana nafuu. Kitu kimoja pekee hakibadiliki: mwezi. Walt Disney mwenyewe aliwahi kulionyesha hilo kwenye televisheni mwaka 1957. Kwenye picha bapa, ukisogeza kamera karibu, mwezi nao unakua pamoja na nyumba, jambo ambalo hakuna mwezi duniani umewahi kulifanya. Kwenye mtambo wa tabaka, nyumba inakuja na mwezi unabaki na ukubwa wake.

Niliyaandika yote hayo kwenye ankara mpya, kila tabaka na sababu yake, na maelezo ya mwezi nikayaweka mwishoni ili mhasibu aelewe kanuni nzima. Safari hii aliisoma yote, neno kwa neno. Akanipigia mwenyewe, sauti imejaa furaha.

"Fundi rangi, nimeelewa sasa. Mwezi haujabadilika. Kwa hiyo mwezi tunauondoa kwenye malipo."

Nimeuondoa. Banda alipe.